Barua ya mwalimu wa TEHAMA na diski ya masomo iliyofungiwa kabatini

Shule ya kutwa ya sekondari ina masomo 214 yaliyorekodiwa, na karibu hakuna mwanafunzi anayeyatazama. Walimu waliyarekodi kwa simu iliyosimamishwa nyuma ya darasa, kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi na wale wanaotaka kurudia kabla ya mtihani. Faili zote zimo kwenye diski moja ya nje ya TB 2, ndani ya kabati la chumba cha kompyuta. Zina majina ziliyopewa na simu: VID, kisha tarehe, kisha saa.

Mwanafunzi aliyekuja na flashi kuomba somo alirudi mikono mitupu. Flashi ilikuwa na nafasi ya GB 14, somo lina GB 5, na bado kompyuta ilikataa kunakili ikisema faili ni kubwa mno. Wengi hudhani flashi imeharibika. Tatizo ni mfumo wa FAT32, ambao flashi na kadi nyingi ndogo huja nao: haupokei faili moja inayofikia GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni mara kumi ya hiyo.

Mwalimu wa TEHAMA ndiye aliyechoka kueleza jambo hilo kila wiki. Akamwandikia mkuu wa shule. Barua yake naiweka hapa karibu yote, kwa sababu uzuri wake na upungufu wake vyote vimo kwenye maneno aliyoyachagua.

> Kwa Mkuu wa Shule.
>
> YAH: OMBI LA KUBANA NA KUORODHESHA MASOMO YALIYOREKODIWA ILI WANAFUNZI WAYATAZAME BILA INTANETI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mkuu, shule ina masomo 214 ya video, kila moja la dakika 40 hivi. Kwa jumla yanachukua TB 1.1. Kwa ukubwa huo hayawezi kugawiwa: kadi ya GB 32 inabeba masomo sita tu.
>
> Nimechukua masomo matatu, la hisabati, la fizikia na la historia, nikayabana kwa viwango viwili. Kisha nikawaomba wanafunzi ambao hawakuwepo siku ya kipindi watazame kwenye simu na kunakili daftarini kila kilichoandikwa ubaoni. Kwa kiwango cha chini, somo la hisabati lilishuka hadi MB 60, lakini wanafunzi walikosa alama ya kutoa kwenye vipeo. Wengine walinakili 2 mahali palipoandikwa −2. Kwa kiwango cha kati lilikuwa MB 120 na walinakili sawasawa. Napendekeza kiwango cha kati. Masomo yote 214 yatakuwa GB 26 hivi, yaani yataingia kwenye kadi moja ya GB 32.
>
> Kazi ya kubana itafanywa na kompyuta sita za chumba chetu usiku, kwa programu isiyolipiwa. Nakadiria usiku tatu hadi nne.
>
> Naomba pia kila somo liingizwe kwenye orodha yenye somo, kidato, mada, mwalimu, na dakika ambazo kila sehemu inaanzia. Bila orodha mwanafunzi atapewa faili 214 na hatajua pa kuanzia. Kazi hii itafanyika taratibu kwa ushirikiano wa walimu.
>
> Masomo yatapatikana kwa njia mbili: kwenye kompyuta moja ya shule itakayoyatoa kupitia ruta ya chumba cha kompyuta, na kwa kunakiliwa kwenye kadi au flashi ya mwanafunzi ili atazame nyumbani.
>
> Baada ya kubana, nafasi ya diski ya nje itaachwa wazi kwa ajili ya masomo mapya.
>
> Naomba idhini ya kuanza. Naomba kuwasilisha.

Mkuu aliisoma, akamwita, akakubali sehemu yake, akakata sentensi moja kwa kalamu, na sentensi nyingine akairudisha ikafanyiwe hesabu. Nitaeleza kwa nini naona alikuwa sahihi mara zote mbili.

Nianze na kilicho bora zaidi ndani ya barua hii, nacho ni jaribio la daftari. Watu wengi wanaobana video huamua ubora kwa kuitazama wao wenyewe kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa, tena wakiwa wanajua tayari kilichoandikwa. Jicho linalojua hujaza pengo. Mwalimu wa hisabati akiangalia ukungu mdogo juu ya x ataona −2 kwa sababu anajua ni −2. Mwanafunzi aliyekosa kipindi hana msaada huo, ataandika anachokiona. Kumpa daftari na kulinganisha na maandishi ya mwalimu kunatoa jibu ambalo mkuu wa shule analielewa bila kujua chochote kuhusu video. Somo la historia lingepita jaribio hata kwa kiwango cha chini, kwa sababu mwalimu wa historia huandika vichwa vya habari vikubwa na mengine huyasema. Kwa hiyo kipimo cha maktaba nzima ni maandishi madogo kuliko yote kwenye somo gumu kuliko yote. Hapo mwalimu alichagua vizuri.

Sasa hesabu yenyewe, kwani mkuu aliuliza: inawezekanaje GB 5 ziwe MB 120 na picha isiharibike? Ukubwa wa video hautokani na urefu wake peke yake. Unatokana na kiasi cha data kinachotumika kila sekunde, ukizidisha kwa sekunde. Simu ikirekodi kwa picha ya 1080p hutumia takriban megabiti 17 kwa sekunde. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Zidisha, gawanya kwa 8 kupata megabaiti, unafika 5,100. Simu hutumia kiasi hicho kwa sababu haijui itarekodi nini. Inajiandaa kwa mpira wa miguu na kwa harusi, na tena inabana papo hapo bila muda wa kufikiri. Darasani karibu hakuna kinachosogea. Ubao ni uleule, ukuta ni uleule, mkono wa mwalimu ndio unaopita. Programu inayopewa muda wa kutosha inaweza kuweka ubao mara moja na baadaye kuandika mabadiliko tu.

Amri aliyoitumia mwalimu ni hii, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf "scale=-2:720" -r 15 \
 -c:v libx264 -crf 26 -preset slow -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -ac 1 -b:a 64k -movflags +faststart \
 HSB-K2-04-03-vipeo-hasi.mp4
```

Picha inashushwa hadi mistari 720, na fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kuunda video, zinakuwa 15 kwa sekunde badala ya 30. Sauti inakuwa ya njia moja, megabiti 0.064 kwa sekunde, ambayo kwa sauti ya mtu anayezungumza inatosha kabisa. Ningekuwa na nafasi ya kubana zaidi, ningegusa picha kabla ya kugusa sauti: mwanafunzi huvumilia picha yenye ukungu kwa dakika kadhaa, lakini sauti inayokwaruza humfanya afunge. Kipande cha `+faststart` kinahamisha fahirisi ya faili kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kikisahaulika, mwanafunzi anayetazama kupitia ruta anaweza kusubiri muda mrefu mbele ya kioo cheusi kabla ya video kuanza.

Namba inayoamua ni `-crf`. Inakwenda kutoka 0 hadi 51, na kadiri inavyopanda ndivyo ubora unavyoshuka. Usipoiandika, programu hutumia 23. Haiahidi ukubwa. Inaahidi ubora unaokaribiana, na ukubwa unafuata kilichorekodiwa. Mwalimu alipoanza kubana, masomo mengi yalitoka kati ya MB 80 na 140, ila somo moja la fizikia lilitoka na MB 310. Dakika zilikuwa zilezile 40 na amri ileile. Alipolifungua akaona sababu: siku hiyo kishikio cha simu kilikuwa hakipo, mwanafunzi akaishika kwa mkono. Mkono unatikisika, kila fremu inakuwa mpya, programu haina cha kukumbuka. Chumba chenye giza huleta matokeo hayohayo, maana simu hujaza chenga kwenye picha na chenga hizo hubadilika kila fremu. Nimependa alichofanya baada ya hapo: akazipanga faili zilizobanwa kwa ukubwa na kutazama kumi za juu. Orodha hiyo ilimwonyesha masomo yaliyorekodiwa vibaya kuliko ripoti yoyote ambayo walimu wangeandika.

Mwalimu mwenzake alimshauri atumie mbinu ya kubana ya H.265, ambayo ni mpya kuliko H.264 iliyo kwenye amri yake, na hubana zaidi kwa ubora uleule. Ushauri haukuwa wa kijinga. Lakini wanafunzi wa shule hii hutazama nyumbani kwa simu za wazazi, na nyingi ni za zamani. Simu isiyo na uwezo wa kufungua H.265 hutoa dalili inayotambulika upesi: sauti inasikika vizuri, picha ni nyeusi au inakwama kwama, na simu inapata moto. Kwa kuwa maktaba yote tayari inaingia kwenye kadi ya GB 32, nafasi ambayo ingeokolewa haina kazi, wakati wanafunzi ambao wangeshindwa kutazama ni watu halisi.

Kuna hoja moja ambayo barua haikuitumia, na ingeuza ombi hili kuliko nafasi ya diski. Nayo ni ruta. Video ya asili inahitaji megabiti 17 kwa sekunde kwa mtazamaji mmoja. Video iliyobanwa inahitaji 0.4. Darasa la wanafunzi 40 wakitazama kwa pamoja, kila mmoja somo lake, wanahitaji megabiti 16. Yaani njia ambayo jana ilimtosha mwanafunzi mmoja leo inalitosha darasa zima. Mwalimu aliandika habari za kadi kwa sababu kadi ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Mkuu wa shule anawaza ratiba na vyumba, na kwake sentensi ya wanafunzi 40 ingekuwa na uzito zaidi.

Nije kwenye orodha, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kubana ni kazi ya kompyuta wakati watu wamelala. Saa za video ni 143 hivi. Kompyuta moja ikibana kwa kasi ya kawaida ya kutazama, kompyuta sita kwa saa kumi za usiku zinamaliza saa 60 kila usiku, na makadirio ya usiku tatu yanasimama. Orodha inahitaji mtu anayejua somo, akiwa macho.

Mwalimu alianza na majina ya faili na karibu ajikwae. Alitaka herufi tatu za mwanzo za kila somo, kisha akagundua kuwa Hisabati na Historia zote ni HIS. Akaweka HSB na HTR, kisha kidato, namba ya mada kwenye mtaala, namba ya kipindi, na mwishoni mada kwa maneno. Tarehe ya kurekodi haimo kwenye jina, na hilo ni sawa: hakuna mwanafunzi anayetafuta vipeo hasi kwa kukumbuka vilifundishwa Jumanne gani. Tarehe ikae kwenye jedwali, kwa matumizi ya walimu.

Maneno yale ya mwishoni mwa jina yana sababu ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Orodha iliandikwa kama jedwali la CSV, yaani faili ya maandishi matupu, nalo lilizaa ukurasa mmoja wa `index.html` wenye viungo vya masomo yote, na kwenye kompyuta ulifanya kazi vizuri. Ukurasa uleule ulipowekwa kwenye kadi na kufunguliwa kwa simu kupitia programu ya mafaili, orodha ilionekana lakini viungo havikufungua video. Simu nyingi za Android humpa kivinjari ukurasa ule peke yake, bila kumruhusu kufikia faili za jirani. Kwa hiyo mwanafunzi wa nyumbani anategemea majina ya faili na folda tu. Jina likiwa `HSB-K2-04-03-vipeo-hasi.mp4`, litajipanga lenyewe kwa mfuatano wa mada na litasomeka bila ukurasa wowote. Ukurasa ubaki kwa wanaotumia ruta.

Hao wa ruta nao wana kikwazo chao. Simu ikiunganishwa na Wi-Fi isiyo na intaneti, mara nyingi hutoa onyo na kuhamia data ya simu kimyakimya. Mwanafunzi ataandika anwani ya kompyuta ya shule na kuambiwa haipatikani, huku alama ya Wi-Fi akiiona pale juu. Dawa ni kuzima data ya simu kwanza, au kukubali kubaki kwenye mtandao huo pale simu inapouliza. Karatasi moja iliyobandikwa mlangoni inatosha.

Safu yenye thamani kuliko zote kwenye jedwali ni ile ya dakika. Mfano wa mstari mmoja:

```
HSB-K2-04-03;Vipeo hasi;00:00 marudio;06:40 kanuni;14:10 mfano wa kwanza;25:30 mazoezi;imekaguliwa
```

Anayerudia kabla ya mtihani hataki dakika 40. Anataka mfano wa kwanza. Akiambiwa uko 14:10 atautazama mara tatu na kuondoka. Asipoambiwa atavuta vuta video kwa kidole, atachoka, ataacha. Safu hiyo ndiyo pia inayokula muda wa watu, na hapa ndipo mkuu alipoirudisha sentensi ya «itafanyika taratibu kwa ushirikiano wa walimu». Alimuuliza mwalimu: nani, na kwa saa ngapi? Walipokaa kuhesabu, mwalimu aliyefundisha somo anahitaji kama robo saa kupitia rekodi yake kwa kurukia sehemu na kuandika dakika. Mara 214, ni saa 53 na nusu. Wakigawana walimu kumi na wawili, ni saa nne na nusu kila mmoja, juu ya vipindi na usahihishaji. Neno «taratibu» lilikuwa limeificha hesabu hiyo. Nimeona maombi mengi ya namna hii yakipita kwa sababu mashine zimehesabiwa vizuri, kisha yakafa kwa sababu saa za watu hazikuhesabiwa kabisa.

Swali la pili la mkuu lilihusu neno la mwisho kwenye mstari ule, ambalo kwenye barua halikuwepo. Aliuliza: mwalimu akikosea ubaoni, nani atagundua kabla ya wanafunzi mia kubeba kosa hilo nyumbani? Darasani kosa hurekebishwa kesho yake. Kwenye kadi hubaki. Wakakubaliana kuwe na safu ya hali, yenye maneno matatu tu: inasubiri, imekaguliwa, imefungwa. Kinachonakiliwa ni kilichokaguliwa. Kilichofungwa ni kama somo ambalo mwanafunzi alitolewa ubaoni akashindwa, na darasa likacheka. Hapakuwa na mtu aliyemuuliza mwanafunzi yule kama anataka kicheko hicho kizunguke kwenye simu za watu, na kadi ikishatoka getini hairudi. Kwa maoni yangu jambo hili lilistahili aya yake kwenye barua ya kwanza.

Sentensi iliyokatwa kwa kalamu ni ile ya kuacha wazi nafasi ya diski, yaani kufuta video za asili. Kubana kwa namna hii hakurudi nyuma. Kilichotupwa kimetupwa, na ukibana tena faili iliyokwisha kubanwa unaongeza ukungu juu ya ukungu. Kama mwakani itagundulika kwamba maandishi ya kemia hayasomeki kwa CRF 26, dawa pekee ni kurudi kwenye asili na kubana upya kwa 22. Halafu kuna hatari iliyokuwa mbele ya macho ya wote: TB 1.1 za kazi ya walimu zipo kwenye diski moja tu. Diski hiyo ikianguka kutoka kwenye meza, hakuna cha kubana wala cha kuorodhesha. Mkuu aliagiza diski ya pili ikae ofisini kwake, na baada ya kunakili, faili zilinganishwe kwa `sha256sum` pande zote mbili. Amri hiyo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu kwa kila faili, na faili mbili zikiwa sawa kabisa mfuatano nao huwa sawa.

Idhini ilitolewa kwa sehemu: hisabati na fizikia za kidato cha pili, masomo 38. Kubana hayo ni usiku mmoja. Kuyaorodhesha ni saa tisa na nusu za walimu wanne, na mkuu aliziingiza kwenye ratiba badala ya kuziacha kwenye moyo wa kujitolea. Yote yana GB 4.6, kwa hiyo hata kadi ya GB 8 inatosha. Masomo mengine yanafuata mwalimu wake anapopewa saa zake. Ya historia bado yanasubiri, na kwenye jedwali yanasomeka hivyo. Kwa rekodi mpya, simu inawekwa 720p tangu mwanzo na haiwashwi kabla kishikio hakijapatikana.